Mteremko wa mstari uliopinda, y ikiwa imejificha

Kwa wanafunzi wangu wa jioni hapa Nakuru. Jumanne niliwapa swali la kutafuta dy/dx ya mstari ambao y haijaandikwa peke yake upande mmoja; wengi wenu mliandika namba sahihi lakini mkakosa alama ya kutoa, na wachache mliigeuza sehemu juu chini. Nimeona afadhali niandike polepole, kwa sababu anayejua alama hiyo inatoka wapi hawezi kuisahau.

Tuanzie Menengai. Ukitoka mjini kuelekea ukingo wa kreta, kwenda kaskazini ni kupanda. Chukua mahali ambapo hatua ya mita 1 kwenda mashariki inakupandisha sentimita 4, na mita 1 kwenda kaskazini inakupandisha sentimita 5. Unataka kutembea bila kupanda wala kushuka. Ukienda mashariki mita 1, umeshapanda sentimita 4, na sentimita hizo lazima uzirudishe. Utazirudisha kwa kushuka kusini mita 4/5. Basi njia yako ina mteremko wa −4/5. Alama ya kutoa ni ile hatua ya kurudi kusini, haikutoka hewani.

Sasa tuandike hayo kwa herufi. Tuna F(x, y) = c: mathalani x ni umbali kwenda mashariki, y kwenda kaskazini, F ni urefu wa mlima mahali ulipo, na c ni urefu mmoja usiobadilika. Derivativu ya sehemu F_x tunaipata kwa kugusa x pekee, y tukiishikilia kana kwamba ni namba ya kawaida. F_y tunaipata kwa kugusa y pekee, x tukiishikilia. Tukisogea kidogo juu ya mstari, kwa dx na dy, F haibadiliki:

F_x · dx + F_y · dy = 0

Hamisha, gawanya:

dy/dx = −F_x / F_y, mradi F_y ≠ 0

Hiyo ni kanuni ya mnyororo tu. Tunadai pia kwamba F_x na F_y hazikatiki karibu na nukta yetu. Hapo ndipo tunapokuwa na hakika kwamba, karibu na nukta hiyo, y kweli ni fanksheni ya x, hata kama hatuwezi kuiandika. Na mbona F_x iko juu? Kwa sababu F_x ndiyo deni ulilolifanya kwa kusogea na x, na F_y ni kiasi ambacho kila hatua ya y inaweza kulipa. Deni hugawanywa kwa malipo.

Mfano. Mstari ni x² + xy + y² = 7, nukta ni (1, 2). Kwanza hakikisha nukta imo: 1 + 2 + 4 = 7. Usiiruke hatua hii kamwe. Fomula itakupa namba hata kwa nukta isiyokuwa kwenye mstari, na namba hiyo haitakuwa mteremko wa mstari wako.

F_x = 2x + y = 4
F_y = x + 2y = 5
dy/dx = −4/5

Tanjenti ni y − 2 = −(4/5)(x − 1), yaani 4x + 5y = 14.

Tuikague kwa njia ndefu. Ukitatua mlinganyo huo kwa y, tawi linalopita kwenye nukta yetu ni y = (−x + √(28 − 3x²))/2. Derivativu yake ni (−1 − 3x/√(28 − 3x²))/2. Weka x = 1: kipeuo ni 5, nawe unapata (−1 − 3/5)/2 = −4/5. Jibu ni lile lile, ila jasho limezidi.

Na mara nyingine njia ndefu haipo kabisa. Chukua y⁵ + xy + x² = 3 kwenye (1, 1). Hakuna kanuni ya jumla ya vipeuo ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tano, lakini F_x = y + 2x = 3 na F_y = 5y⁴ + x = 6, basi mteremko ni −1/2. Jaribu kwa kikokotoo: x ikipanda hadi 1.02, y yapasa ishuke hadi karibu 0.99. Weka namba hizo upande wa kushoto, utapata takriban 3.001. Mimi hufurahi kila ninapoiona.

F_y ikiwa 0 na F_x siyo 0, tanjenti imesimama wima. Kwenye mstari wetu wa kwanza hilo hutokea pale x = −2y, yaani 3y² = 7. Zote mbili zikiwa 0, fomula haisemi neno. Kwenye x³ + y³ = 6xy, nukta (0, 0) iko hivyo: mstari unajikata wenyewe pale, una tanjenti mbili, na swali la "mteremko ni upi" halina jibu moja.

Kwa Alhamisi, tafuteni mteremko wa mstari huo wa x³ + y³ = 6xy kwenye (3, 3), kisha mtafute nukta nyingine, isiyo (0, 0), ambapo tanjenti imelala. Andikeni F_x na F_y kwanza, kila moja kwenye mstari wake, kabla ya kugawanya.