Kwa Shangazi

Shikamoo Shangazi. Pole sana. Baba ameniambia mguu ulikusumbua usiku kucha, hukupata usingizi hadi alfajiri. Mwenyezi Mungu akujalie usiku wa leo uwe mwepesi, akushike pale mikono yetu isipofika. Awabariki wauguzi wanaokufunga kidonda, na kila kidonge unachomeza kiwe na heri mwilini mwako.

Usihangaike kunijibu. Ukichoka, pumzika, ukitaka kulia, lia, hakuna anayekudai ushujaa.

Nakumbuka nilipougua nikiwa darasa la tatu. Ulikaa ukingoni mwa kitanda changu, ukanigeuzia kitambaa cha maji kwenye paji la uso kila kilipopata moto, huku ukinong'ona, “Mola yupo, mwanangu.” Hukusema zaidi ya hapo. Dawa niliyopewa nimeisahau, sauti yako bado ninayo. Siku hizi kila usiku nataja jina lako mbele zake kwa maneno yaleyale.

Jumamosi nakuja, Mungu akipenda. Tutaongea au tutanyamaza, upendavyo wewe. Kitambaa nitageuza mimi.

Ugua pole, Shangazi wangu. Nakupenda sana.