Dokezo kwa Wakuu wa Idara: Matokeo ya Kutuma Taarifa ya Mabadiliko ya Akaunti kwa Wateja

Kwa: Wakuu wa Idara
Kutoka: Mchambuzi wa Mifumo, Kitengo cha Tehama
Tarehe: Jumatano, 5 Machi 2025

Ndugu Wakuu wa Idara,

Hadi saa mbili na robo asubuhi ya leo, taarifa ya kubadilishwa kwa utaratibu wa kuingia kwenye akaunti ilikuwa imefika kwenye namba 16,928 kati ya namba 18,400 tulizozituma, yaani asilimia 92. Namba 1,472 zilikuwa bado hazijaipata. Kwa kuwa utaratibu mpya unaanza Jumatatu, 17 Machi 2025, na mteja asiyekuwa na habari atajikuta amefungiwa nje ya akaunti yake siku hiyo, naomba dokezo hili lisomwe kwa kuzitazama hizo 1,472 kwanza. Sehemu ya namba hizo inaweza kurekebishwa wiki hii, iwapo uamuzi ninaouomba mwishoni utatolewa mapema.

Takwimu zote zimetoka kwenye jibu ambalo mfumo wa mtoa huduma wa ujumbe mfupi hutupatia tunapouliza hali ya kazi tuliyoituma. Ninaliweka hapa kama lilivyokuja, ili yeyote anayetaka kulinganisha maelezo yangu na chanzo chake aweze kufanya hivyo. Asiyelihitaji anaweza kuliruka bila kupoteza chochote.

```json
{
  "status": "completed_with_errors",
  "created_at": "2025-03-04T06:40:00Z",
  "as_of": "2025-03-05T05:15:00Z",
  "validity_hours": 48,
  "total": 18400,
  "accepted": 17836,
  "delivered": 16928,
  "pending": 611,
  "undelivered": 297,
  "rejected": 564,
  "delivery_rate": 0.949,
  "read_count": null,
  "avg_latency_ms": 8400,
  "errors": [
    {"code": "INVALID_NUMBER", "count": 418, "retryable": false},
    {"code": "OPTED_OUT", "count": 97, "retryable": false},
    {"code": "RATE_LIMITED", "count": 49, "retryable": true}
  ]
}
```

Kwa nini ninasema asilimia 92 na si 94.9

Jana jioni baadhi yetu tuliona kwenye ukurasa wa mtoa huduma kwamba kiwango cha kufikisha ujumbe ni asilimia 94.9, na takwimu hiyo ilikwisha kuingizwa kwenye rasimu ya taarifa ya wiki. Naomba iondolewe. Si kwamba mtoa huduma amekosea hesabu: yeye hugawanya ujumbe uliofika kwa ule aliokubali kuupokea, yaani 16,928 kwa 17,836, na namba 564 alizozikataa mlangoni hazimo kabisa katika hesabu yake. Kwake hilo ni sahihi, kwa sababu anapima utendaji wa mtandao wake. Sisi tunapima jambo jingine, yaani wateja wangapi wamepata habari, na mteja ambaye namba yake ilikataliwa hajapata habari hata kidogo. Kwa hiyo kigawanyo chetu lazima kiwe namba zote 18,400.

Ilisemwa pia kikaoni kwamba mfumo ulirudisha msimbo 200 na kwa hiyo kazi yote ilikwenda sawa. Msimbo huo unamaanisha tu kwamba seva ililipokea ombi letu na kulijibu bila tatizo. Hausemi lolote kuhusu simu za wateja. Habari yenyewe imo ndani ya jibu, ambamo hali ya kazi imeandikwa kuwa imekamilika ikiwa na makosa.

Namba 1,472 ambazo hazijafikiwa

Namba hizi zimegawanyika katika makundi ambayo hayafanani hata kidogo, na kuyatibu kwa dawa moja kungetupotezea muda.

Kundi la kwanza ni namba 611 ambazo ujumbe wake bado uko njiani. Simu imezimwa, au iko mahali pasipo na mtandao, na mtoa huduma anaendelea kujaribu kwa saa 48 tangu ujumbe ulipotumwa. Muda huo utakwisha kesho Alhamisi saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Kabla ya hapo hakuna la kufanya, na ningeshauri tusitume tena, kwa sababu mteja atakayewasha simu yake leo usiku atapokea ujumbe uleule mara mbili na kuanza kujiuliza kama ni wa kweli.

Kundi la pili, ambalo ndilo ninaloomba mlitazame kwa makini, ni namba 418 zilizokataliwa kwa kuwa si sahihi. Jibu la mfumo linasema hazifai kujaribiwa tena, na mtu akisoma maneno hayo peke yake atadhani wateja hao wamepotea. Sivyo. Maana yake ni kwamba namba zikitumwa tena zilivyo, zitakataliwa tena. Zikirekebishwa, kizuizi hicho hakipo. Mfumo wa mtoa huduma unadai kila namba iandikwe kwa muundo wa kimataifa unaoitwa E.164, ambao huanza na msimbo wa nchi na hauzidi tarakimu 15. Nilipakua orodha nzima ya zilizokataliwa (mfumo hutoa namba 100 tu kwa kila ukurasa, kwa hiyo ilinibidi kupitia kurasa sita) na nikazikagua. Namba 391 zina tarakimu zote zinazotakiwa, ila zinaanza na sifuri kama tunavyozoea kuziandika tunapopigiana ndani ya nchi, na msimbo wa nchi haumo. Zote zimetoka kwenye fomu za karatasi zilizoingizwa kwa mkono. Kosa hilo ni letu, wala si la mteja aliyejaza fomu jinsi alivyoambiwa, na linaweza kusahihishwa kwa mkupuo mmoja. Namba 27 zilizobaki zimepungukiwa na tarakimu, na hizo hakuna anayeweza kuzikisia. Lazima fomu zenyewe zitafutwe.

Namba 49 zilikataliwa kwa sababu katika dakika za mwanzo tulituma kwa kasi kuliko tunayoruhusiwa. Hazina kasoro yoyote na zinaweza kutumwa tena wakati wowote.

Namba 297 zilipokelewa na mtoa huduma, lakini mtandao wa simu ukarudisha jibu kwamba ujumbe hauwezi kufikishwa. Mfumo hautoi sababu ya kila moja. Jambo hilo hutokea, kwa mfano, namba inapokuwa imefungwa au haitumiki tena, na kwa sababu hiyo sioni faida ya kuzitumia ujumbe mwingine. Wateja hawa wanahitaji njia nyingine ya kufikiwa.

Wamebaki 97 ambao waliwahi kuomba wasitumiwe ujumbe mfupi. Naandika hapa kwa msisitizo: wasitumiwe tena kwa njia hii, hata kama mfumo ungeturuhusu. Waliomba, tukakubali. Hata hivyo akaunti zao zitabadilika kama za wengine wote, na haki yao ya kujua haikufutwa na ombi lao. Maoni yangu ni kwamba tangazo lionekane kwenye ukurasa wa akaunti mara tu wanapoingia, kuanzia wiki hii hadi siku ya mabadiliko.

Ieleweke pia kwamba namba si watu. Nimezilinganisha namba 1,472 na daftari la wateja, nikakuta 82 kati yake ni za wateja ambao namba yao ya pili imepokea ujumbe. Kila moja ya zilizobaki ni ya mteja mmoja, kwa hiyo wateja ambao hadi asubuhi hii hawakuwa wamefikiwa kwa namba yoyote ni 1,390.

Mambo mawili yanayoweza kusomwa vibaya

Sehemu ya ujumbe uliosomwa imeandikwa `null`. Hiyo si sifuri. Sifuri ingemaanisha kwamba ilihesabiwa na hakuna aliyesoma. `null` inamaanisha kwamba haikuhesabiwa kabisa, kwa sababu ujumbe mfupi wa kawaida haurudishi habari ya kusomwa. Kwa hiyo hata zile 16,928 tunaweza kusema tu kwamba ujumbe umefika kwenye simu. Hatuwezi kuandika popote kwamba wateja wamesoma, na naomba neno hilo lisitumike katika taarifa yoyote inayotoka nje.

Jambo la pili ni saa. Jibu linaonyesha kwamba kazi ilianza saa 06:40, na herufi Z iliyo mwishoni inaonyesha kwamba hiyo ni saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Anayezisoma tarakimu hizo kama zilivyo atadhani tuliwaamsha wateja alfajiri. Ukweli ni kwamba ujumbe ulianza kutoka Jumanne saa tatu na dakika arobaini asubuhi, muda uleule mliouidhinisha. Kituo cha huduma kwa wateja kinaweza kutumia maelezo haya iwapo malalamiko ya namna hiyo yatatokea.

Muda wa kufikisha ujumbe ulikuwa wastani wa sekunde 8.4, na hauhitaji hatua yoyote.

Uamuzi unaoombwa

Naomba idhini ya kusahihisha namba 391 zinazoanza na sifuri na kuzituma tena pamoja na zile 49 zilizozuiwa kwa sababu ya kasi, jumla 440, kesho Alhamisi saa nne asubuhi, baada ya muda wa kundi lililo njiani kumalizika. Safari hii tutatuma kwa kasi iliyoruhusiwa. Sitarajii zote 440 zifike, kwa kuwa miongoni mwake hazitakosekana simu zilizozimwa au namba zisizotumika.

Pili, naomba Idara ya Huduma kwa Wateja ipangiwe kuwatafuta wenye namba 297 zisizofikika na 27 zilizopungua tarakimu, jumla 324, kwa barua pepe au kwa namba ya mtu wa karibu aliyeandikwa kwenye fomu. Kazi hiyo ni ya mikono na inachukua muda, ndiyo maana ningependa ianze leo badala ya kusubiri wiki ya mwisho. Orodha iko tayari, imepangwa kwa tawi, na nitamkabidhi mkuu wa idara moja kwa moja kwa kuwa ina taarifa binafsi za wateja.

Tatu, naomba kibali cha kuweka tangazo kwenye ukurasa wa akaunti kwa ajili ya wale 97. Kitengo chetu kinaweza kulifanya lionekane kwao peke yao au kwa wateja wote. Mimi ningechagua wote, kwa kuwa hatujui ni wangapi waliopokea ujumbe bila kuufungua.

Kesho saa nane mchana nitauliza tena mfumo wa mtoa huduma na kuwaletea takwimu mpya za kundi la 611 na za zile 440, zikiwa zimegawanywa kwa 18,400 kama hapa, ili ziweze kulinganishwa na za leo.