Maelekezo ya Kupima Bomba Jipya kwa Shinikizo la Maji: Chemba 3 hadi Chemba 4, Barani, Malindi

Kwa msimamizi wa kazi na mafundi wote wa zamu ya Jumatatu na Jumanne.

Kipande hiki kina urefu wa mita 600, bomba la plastiki la milimita 160 lenye kipenyo cha ndani cha takriban 150. Shinikizo la kazi ni baa 6, na la kupimia ni mara moja na nusu yake, yaani baa 9. Geji ifungwe Chemba 3, ambako ndiko chini kabisa. Chemba 4 iko juu kwa mita 7, kwa hiyo huko itasoma karibu baa 8.3, msiongeze presha kwa kuifuata hiyo.

Mgongo wa bomba umeshafukiwa. Viungo vibaki wazi. Vizuizi vya zege kwenye ncha na pembe viwe vimekomaa siku 7. Msipime dhidi ya valvu iliyofungwa. Ncha zifungwe kwa vifuniko.

Jazeni Jumatatu asubuhi kwa maji baridi ya bauza, si ya kisima cha chumvi. Yatahitajika takriban lita 10,600. Yaingie polepole kutoka Chemba 3, valvu ya kutolea hewa ya Chemba 4 ikiwa wazi mpaka maji yatoke bila kurusha. Hewa iliyonaswa hudanganya geji, tena ni hatari kiungo kikiachia. Kwa sababu hiyo hiyo, ni marufuku kupima kwa kompresa. Acheni bomba kwa baa 6 hadi kesho yake asubuhi.

Jumanne anzeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachoma viungo. Pandisheni baa moja moja hadi 9. Plastiki hutanuka kidogo, hivyo sindano itashuka hata kama hakuna kinachovuja. Rudisheni hadi itulie. Hapo saa huanza kuhesabiwa: saa 2, pampu imefungwa, geji ikisomwa kila dakika 15. Zikiisha, rudisheni baa 9 kwa maji ya ndoo yenye alama za lita. Maji hayo ndiyo upotevu.

Kiwango kinachokubalika ni lita 3 kwa kilomita, kwa kila milimita 25 za kipenyo, kwa kila baa 3, kwa saa 24. Hapa: 3 × 0.6 × 6 × 3 = lita 32.4 kwa siku, sawa na lita 2.7 kwa saa 2.

Kiungo kinachovuja kinafeli hata kama hesabu imekubali. Mchanga wetu hunywa maji haraka, hamtaona dimbwi. Papaseni kwa mkono chini ya kila kiungo. Asikaze mtu nati wala asisimame mbele ya kifuniko bomba likiwa na presha. Likifeli, shusheni presha hadi sufuri, rekebisheni, kisha rudieni saa 2 zote.

Fomu ya masomo ya geji itasainiwa mtaroni na mhandisi mkazi na mkandarasi, kabla ya kufukia viungo.