Mambo ambayo hakuna aliyeniambia kabla sijaingia chuo

Inarekodi? Haya, ishike hivyo hivyo, isilale.

Jamani, habari zenu. Naitwa Zawadi. Nasoma ualimu, Jiografia na Kiswahili, kwenye chuo kimoja hapo Dar ambacho sikitaji, maana kuna mambo nitayasema humu. Nimemaliza muhula wa kwanza tu, kwa hiyo usije ukaniita mtaalamu. Nipo nyumbani Kondoa likizo. Mkisikia kuku, ndiyo hao.

Majina yalipotoka, kila mtu mtaani alinipa ushauri. Soma kwa bidii, jiepushe na makundi, mtangulize Mungu. Asante sana, lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia haya.

La kwanza: mtihani wako wa mwisho umeshaanza. Chuoni kwetu alama 60 zinatoka kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, 40 zilizobaki ni kosiweki: testi, semina, kazi za vikundi. Mimi nilikuwa na akili ya fomu siksi, kwamba mambo yote ni Mei. Wiki ya sita tukapigwa testi ya alama 20. Swali moja lilisema taja na ueleze kwa kifupi, mimi nikaanza na utangulizi, nikaenda na aya nne nzuri kabisa, muda ukaisha nikiwa swali la pili kati ya matano. Nilipata 7. Karatasi ninayo, hii hapa. Ona mhadhiri alivyoandika pembeni: "Nani kakuuliza historia?" Kwa wino mwekundu, na alama ya kuuliza kubwa kama ndoano.

Hesabu yake ni ndogo. Ukiingia mtihani wa mwisho ukiwa na 15 kwenye 40, hata ukipata 45 kati ya 60, unaishia 60. Mwenzako mwenye 32, kwa 45 hizo hizo, ana 77. Na mmelala usiku mmoja kwenye vimbweta vile vile, mmeng'atwa na mbu wale wale.

La pili, kazi za kikundi. Mtakuwa kumi, watafanya watatu, majina yataandikwa kumi. Usipigane. Kuwa wewe unayechapa, kwa sababu anayechapa ndiye anayeijua kazi siku mhadhiri akisema mtu mmoja aje mbele awasilishe.

La tatu, njoo na nakala za vyeti nyingi kuliko unavyodhani, zilizogongwa muhuri wa mwanasheria. Mimi nilienda na mbili. Tuendelee.

La nne ni malazi, na hapa naomba mnisikilize. Kupata chuo siyo kupata chumba. Mimi jina langu halikuwepo kwenye orodha ya hosteli, na Dar sina ndugu. Nikabebwa. Kwa wasiojua, kubebwa ni kulala kwa mwenzako aliyepata chumba, kitanda kimoja, godoro la futi tatu, watu wawili, na mlezi wa hosteli asijue. Dada aliyenibeba tulijuana kwenye foleni ya usajili, hatujamaliza hata saa mbili. Wiki tatu nililala kwake, mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake.

Ukibebwa kuna adabu zake, na hakuna kitabu kilichoziandika. Unaamka wewe kwanza. Maji yakikatika, ndoo ni yako. Begi lako linakaa chini ya kitanda, halipandi juu ya meza. Hupokei simu chumbani usiku. Na wenzake wa chumba ukiwakuta wanakula, umeshiba, hata kama tumbo linaunguruma. Mimi nilisahau hiyo ya mwisho siku moja, wakanikaribisha ugali na dagaa, nikala kweli kweli. Kesho yake nikasikia mmoja anauliza mle ndani tupo wangapi. Niliondoka wiki hiyo hiyo. Sasa hivi tumepanga watatu, chumba kimoja Changanyikeni, na yule dada akija namwachia kitanda, mimi nalala kwenye mkeka.

La tano: mhadhiri hatakuita. Shuleni ukifeli unatafutwa, unaitwa ofisini, mzazi anapigiwa. Chuo unaweza kuzama kimya kimya mpaka usapu, na hakuna atakayejua zaidi ya wewe na ukurasa wa matokeo. Saa zao za kuonana na wanafunzi zimebandikwa mlangoni, na mara nyingi anakuwa peke yake mle ndani. Mimi na ile 7 yangu nilienda, natetemeka. Dakika kumi tu. Akanionyesha maneno ya maswali: taja, eleza, jadili, linganisha, kila moja linataka nini. Testi ya pili nilipata 14.

La mwisho sasa. Hili najua mtanibishia.

Bumu likitoka, mwambie mama yako ni shilingi ngapi.

Najua! Najua wakubwa wote wa mwaka wa pili wanasema kinyume. Ficha, nyumbani wakijua una hela matatizo yote yanahamia kwako, bati, ada ya mdogo wako, msiba wa binamu. Na mimi nilificha. Bodi ya Mikopo wanatupa elfu 10 kwa siku ya chakula na malazi. Zile siku 60 za kwanza nikaingiziwa laki sita kwa mpigo. Sijawahi kushika laki sita maishani mwangu. Rasta elfu 45, viatu, chipsi kuku kila jioni kama nina harusi. Na ule ni mkopo, jamani, siku ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Mama akipiga kuuliza, namwambia Bodi bado. Mara ya tatu hakuuliza tena. Alituma elfu 50. Mama yangu anauza vitumbua, shilingi 200 kimoja. Sikujiuliza amezitoa wapi.

Amezitoa kikoba. Amekopa.

Aliyeniumbua ni mtoto wa jirani, anasoma chuo kingine, alimwambia mama yake kwamba wao walishapewa tangu Novemba. Wakakutana mnadani hao wamama wawili. Mama hakunipigia kelele. Alituma meseji moja: "Mwanangu, umekula?" Basi. Nililia kwenye daladala mpaka konda akaniacha bila nauli.

Nikamwandikia kila kitu, mpaka rasta. Zilikuwa zimebaki laki na themanini. Akanyamaza siku nzima, halafu akapiga, akaanza kunipangia kama anavyopanga unga na mafuta yake. Kila Jumapili natoa elfu 35, ndiyo ya wiki nzima. Nyingine ni za kodi na kuprinti, haziguswi. Zikiisha Alhamisi, Ijumaa nakula uji. Bumu la pili limenifikisha mpaka mwisho wa muhula, na deni la kikoba nimelirudisha, elfu 50 yote...

"Hamsini na tano."

Eeh?

"Kikoba kina riba. Hamsini na tano."

Haya, hamsini na tano. Mama, umetikisa simu sasa, sionekani kichwa.

"Umemaliza? Mkono umechoka."

Nimemaliza. Bonyeza hapo kwenye wekundu.

"Wekundu upi?"

Hapo chini, mama. Hapana, hapo unageuza ka—