Vitabu vya dada, kwa mpangilio huu huu

Dada shikamoo. Ile voisi yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa dukani kuna mtu anataka kutoa kopi cheti cha kuzaliwa sikukuelewa vizuri, ya pili usiku. Umesema tangu umalize foosiksi 2001 hujawahi kumaliza kitabu chochote, ukasema unaona aibu, ukasema mwaka juzi ulinunua kile cha kiingereza cha mambo ya mafanikio ukaishia ukurasa wa thelathini sa hivi kinazuia dirisha lisijifunge. Sasa aibu ya nini, hata mimi vile vya mafanikio vinanishinda, kila ukurasa unaambiwa wewe mvivu, nani anataka kutukanwa saa nne usiku ametoka kazini.

Nimekupangia. Ila naomba ufuate mpangilio kama nlivyouweka, usirukie cha tano kwa sababu umesikia jina lake redioni.

Unakumbuka ile Mzimu wa Watu wa Kale ya pale nyumbani? Iliyokuwa haina jalada, marehemu babu aliifunga kwa gazeti, afu mwishoni kurasa kama kumi hivi zimenyofolewa, nadhani ziliwashia jiko. Wewe uliisoma kwenye kibatari mpaka mama akaja kukizima kwa mdomo, ukaendelea kesho yake nyuma ya choo, ukafika mwisho ukakuta hamna mwisho. Ulilia dada, mimi nlikuwa mdogo lakini nakumbuka, ulikuja kuniuliza mimi nani kamuua Bwana Ali, mimi mtoto wa darasa la pili ntajua wapi. Basi cha kwanza ni hicho hicho. Ni cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilipata zawadi ya kwanza kwenye mashindano ya uandishi kabla hata hakijachapwa, kikatoka 1960, na yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum bado wanachekesha vilevile. Kiswahili chake kinateleza, sio kile cha kukufanya usimame kila mstari. Na una sababu ya kufika mwisho kuliko mtu mwingine yeyote duniani, una deni la miaka thelathini na kitabu hicho.

Cha pili chembamba makusudi, Ngoswe ya Edwin Semzaba. Najua utasema ah hiyo si ya shule. Ndio ya shule, lakini shuleni ulisoma ili ujibu swali la dhamira na wahusika, hukusoma ili ucheke. Ni tamthilia, afisa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamwona binti wa mwenyeji wake, kazi ya serikali inageuka majivu kwelikweli, makaratasi yanachomwa moto. Soma jumapili mchana mmoja watoto wakiwa madrasa, utamaliza siku hiyo hiyo. Nimekiweka hapo kwa sababu moja tu, mtu aliyekaa miaka ishirini na kitu bila kumaliza kitabu anahitaji kumaliza viwili harakaharaka, akili ijue kumbe inawezekana, afu ndo tuongee habari za vitabu vinene.

Cha tatu Kufa na Kupona, Elvis Musiba, cha 1974, yule mpelelezi Willy Gamba huyo. Hiki ni cha kwenye daladala. Mbagala mpaka Kariakoo ukipata siti asubuhi ile saa kumi na mbili kasoro una dakika arobaini mpaka saa nzima kulingana na foleni, na hicho kitabu kila sura inaishia mahali ambapo huwezi kukifunga, utapitiliza kituo nakuambia. Ntakuwa mkweli, wanawake wa humo wengi kazi yao ni kuwa wazuri tu na kumpenda Willy, ulivyokuwa na miaka kumi na tatu hukuliona hilo, sa hivi utaliona na utasonya. Sonya uendelee. Ukisimama kwenye daladala usijaribu kusoma, shika bomba na pochi yako.

Cha nne ndo kitabu chenyewe ambacho nlikuwa nakifikiria tangu mwanzo wa voisi yako, pale uliposema Zuhura sa hivi yuko form two na baba yake hataki hata aonekane anaongea na mvulana getini. Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Enzi hizo kilipigwa marufuku mashuleni, wakubwa waliona kinaharibu watoto, na ukikisoma utaona kinaongea na wakubwa zaidi kuliko watoto. Kiko Ukerewe, baba mmoja anaitwa Zakaria, mlevi, ana mabinti watano na kaka yao mmoja, na huyu mkubwa Rosa anabanwa asiongee na mvulana yeyote, barua moja tu ya mvulana inamtoa kipigo, afu anakuja kupelekwa shule ya mbali ambako baba hayupo. Sitakuambia kinachofuata. Sikupi kama dawa ya shemeji, usije ukasema nimemsema shemeji, shemeji hanywi hata soda. Nakupa kwa sababu sisi tulikisoma upande wa Rosa, na wewe sa hivi utakisoma ukiwa umekaa kwenye kiti cha mama yake, Regina, yule anayeona kila kitu na hasikilizwi. Mimi nlikirudia mwaka jana nikiwa na binti wangu mwenyewe nikakuta kuna sehemu siwezi kusoma haraka, naweka pembeni natoka nje napunga upepo narudi. Kuna mahali pagumu, ujiandae, usikisome siku ambayo umegombana na mtu.

Baada ya hapo pumzika wiki. Kweli kabisa, usiunganishe.

Cha tano Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kilitoka 1999. Hiki kirefu kuliko vyote vya juu ndo maana nimekichelewesha, lakini ukishamzoea Yasmin hutaona urefu. Kasichana ka kihindi kameozeshwa kwa mzee Raza mwenye duka, kanatoroka, kanaingia mtaa wa Ng'ambo pale Unguja kwa Mwajuma, huyo Mwajuma peke yake anatosha kununua kitabu, afu anakuja Denge na siasa zake za kumtoa mwingereza. Kuna muvi yake pia ya 2021, usiiangalie kwanza, tafadhali, nakujua.

Cha sita Siku Njema ya Ken Walibora, wa Kenya, 1996. Hiki nakiweka kwa upendeleo kwa sababu kinaanzia hapa hapa Tanga, kijana anaitwa Kongowea, mama yake ni mwimbaji wa taarab, na kijana anafunga safari mpaka Kenya kumtafuta baba. Kiswahili chake kimepambwa, misemo mingi, mwanzoni unaweza kuona anajionyesha, mpe kurasa ishirini utazoea. Wakenya wengi wamekisoma shuleni wakikikumbuka wanakuwa kama sisi na Ngoswe.

Cha saba na cha mwisho kwa mwaka huu, Peponi. Huyu ni Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel 2021, mzaliwa wa Unguja ila anaandika kiingereza, na hiki kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wamekitoa 2022. Yusuf ana miaka kumi na mbili, baba yake anadaiwa na tajiri, anamtoa mtoto kufidia deni, mtoto anaambiwa anaenda na anko wake. Kinaenda polepole. Ungekianza leo kingekushinda, ukikifikia mwezi wa nane au wa tisa hivi utakuwa na pumzi yake.

Pembeni ya kitanda weka Sauti ya Dhiki, mashairi ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyaandika akiwa jela Kenya kati ya 1969 na 1972, anaandika kwenye karatasi za chooni, yakachapwa 1973. Shairi moja usiku basi, hata ukisinzia katikati. Kimvita kitakusumbua kidogo, soma kwa sauti ndogo utaelewa zaidi kuliko kwa macho.

Utauliza mbona Shaaban Robert hayumo, maana kila mtu ukimwambia unataka kuanza kusoma anakuambia Kusadikika. Kusadikika ni kizuri, hata mimi mtu wa Tanga siwezi kumkana mtu wa Tanga, lakini sentensi zile zinataka mtu aliyelala vizuri. Mwakani. Na yale majuzuu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Kitereza nayo mwakani au mwaka unaofuata, yale ni ya likizo na mtu asiyekudai chochote. Nagona ya Kezilahabi usiiguse hata ukipewa bure, sio sasa.

Sheria zangu ni chache. Kurasa kumi kwa siku, zikikushinda tano, zikikushinda soma mbili ulale. Ukifika ukurasa wa arobaini kitabu hakijakushika kiache niambie ntakubadilishia, usijilazimishe ukaja kukichukia mpaka na mimi. Na usisome pidiefu kwenye simu, najua zimejaa kwenye magrupu, nyingi za wizi na zimeskaniwa vibaya, lakini kubwa ni kwamba unasoma mistari mitatu notifikesheni ya kikoba inaingia, unaenda kujibu, unarudi umesahau nani kafa. Simu iache chumbani kitabu kiwe sebuleni.

Lingine hili usikasirike. Idi ulivyokuja nlikuona unasoma ile paketi ya dawa ya mama, umenyoosha mkono mpaka mwisho, ukarudisha kichwa nyuma, afu ukampa Zuhura asome. Dada una arobaini na tatu. Unasema ukishika kitabu unasinzia, unadhani umekuwa mvivu, mi nadhani macho yanachoka. Kapime, wakupe miwani ya kusomea, kabla hata hujafungua cha kwanza. Hiyo ndo namba sifuri kwenye listi.

Cha tatu na cha nne utavipata Dar, kapitie wale wa vitabu vya mitumba chini pale Posta, uliza bei afu ondoka watakuita. Peponi nunua kipya. Ukikosa kabisa kuna Maktaba Kuu pale Bibi Titi, jiandikishe, unatoka kazini unapita.

Viwili vya kwanza nimeshakununulia mimi, nimempa kondakta wa basi la asubuhi, vipo kwenye mfuko wa rambo mweusi umeandikwa jina lako na namba ya shemeji maana yako huwa hupokei, kesho mchana mkafuate stendi. Cha Bwana Msa kina jalada limechanika kidogo kwenye kona, cha mtumba. Lakini nlikaa pale pale kwa muuzaji nikafungua nyuma nikahesabu kurasa moja moja mpaka ya mwisho, zipo zote.