Nadharia za utambuzi na za kijamii: mwalimu wa Newala afanye nini nazo?

Chuoni hizi nadharia za jinsi mtoto anavyojifunza, za utambuzi zinazotazama kichwani mwake na za kijamii zinazotazama watu wanaomzunguka, tunazikariri kama timu mbili zinazogombea kombe, mtihani ukiisha basi, na hilo linaniuma kwa sababu ukiziingiza kwenye darasa la tano pale Newala, watoto wamebanana wanne dawati moja, kila moja inaona kitu ambacho mwenzake hakioni.

Chukua hesabu hii ambayo kila mwalimu wa msingi ameshakutana nayo: 1/2 + 1/3, mtoto anaandika 2/5. Walimu wengi tunaweka alama nyekundu ya kosa tunasonga mbele. Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi wa upande wa utambuzi aliyezaliwa 1896, angekwambia subiri kwanza, huyu mtoto hajabahatisha, amefikiri. Ana kanuni kichwani ya kujumlisha namba nzima, imemsaidia tangu darasa la kwanza, sasa kakutana na sehemu akaitumia ileile, juu na juu, chini na chini. Kumpa jibu sahihi hakutaibomoa hiyo kanuni, mpaka aone mwenyewe kwamba imegoma. Sasa umri huo, miaka kumi hivi, kwa Piaget bado mtoto anafikiri vizuri zaidi akiwa na vitu vya kushika, na sisi huku korosho zipo. Mpe korosho 12, nusu yake ngapi, 6, theluthi je, 4, jumla 10 kati ya 12, yaani 5/6. Halafu muulize, nusu peke yake ni 6, mbona hiyo 2/5 yako haifiki hata nusu? Hapo utamwona ananyamaza, anarudia kuhesabu, na huo ukimya usiukatishe jamani, kazi ndo inafanyika hapo.

Upande huohuo wa utambuzi kuna habari ya kumbukumbu. Mwanasaikolojia Miller mwaka 1956 aliandika kwamba akili inashikilia kwa mkupuo vitu kama saba, kupungua au kuzidi viwili, na waliofuata wengi wanaona hata ni vichache zaidi. Kwa hiyo ukimwambia mtoto anakili ubaoni huku unaeleza hatua tano kwa mdomo, ujue nyingi zinadondoka, na kama ni wa darasa la kwanza ambaye nyumbani ni Kimakonde tu ndo kabisa, maana anabeba lugha na hesabu kwa pamoja. Hatua moja, mfano mmoja, wajaribu, ndo uende ya pili.

Upande wa kijamii yupo mwanasaikolojia Vygotsky, naye kazaliwa 1896 hiyohiyo, Urusi ya wakati huo, akafariki 1934 bado kijana. Yeye anaanzia kwingine kabisa: kufikiri kunaanza kati ya watu, kwenye mazungumzo, ndo baadaye kunaingia ndani ya mtu. Anachotaka ujue ni mtoto anaweza nini akisaidiwa, sio tu anaweza nini peke yake, na ule upana wa katikati ndo mahali pa kufundishia. Msaada unautoa halafu unaupunguza kidogokidogo, leo unamuuliza maswali matatu ya kumwongoza, kesho moja, keshokutwa unakaa kimya.

Hapa nina ugomvi na tunavyofanya. Tunapanga vikundi vya watoto wanane, tunaita ufundishaji shirikishi, mmoja anashika kalamu na wengine wanamtazama wananakili, hapo Vygotsky hayumo. Wawili wawili inatosha tena kwenye dawati hilohilo, na aliyepata haruhusiwi kusema jibu, anaruhusiwa kuuliza tu, "umefikaje hapo?" Na kama wana shida ya Kiswahili waache wabishane Kimakonde, hoja ikishasimama watairudisha kwa Kiswahili.

Mwanasaikolojia Bandura kakaa mpakani mwa pande hizi mbili. Jaribio lake la 1961 lilionyesha watoto wakimwona mtu mzima anapiga mdoli nao wanaupiga, lakini yeye mwenyewe alisisitiza kwamba kuiga kunataka mtoto awe makini, akumbuke, aweze kutenda na awe na sababu ya kutenda, na hayo ni mambo ya kichwani kabisa. Maana yake darasani, mtoto mmoja akikosea ubaoni darasa likacheka na mwalimu akacheka pia, wale wengine wote wamefundishwa siku hiyo kutonyoosha mkono.

Kwa hiyo mimi napendelea mpangilio huu: utambuzi utangulie, kila mtoto ajaribu peke yake dakika chache upite uone wamekosea kwa njia gani, maana bila hiyo hujui umkalishe nani na nani. Ndo uwaoanishe, wa 2/5 na wa 5/6, korosho mezani. Mwisho kila mmoja afanye swali jipya mwenyewe, mfano 1/4 + 1/3, kwa korosho zilezile 12, na daftari lifungwe wasitazamiane. Wakiandika 7/12 wameelewa, wakirudi na 2/7 kesho unaanza na hao.