Yah: Maoni Kuhusu Ndugu Baraka, Aliyekuwa Mtunza Stoo Wetu

Gerezani, Dar es Salaam
14 Oktoba 2024

Kwa Meneja Rasilimali Watu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea barua yako ukiuliza utendaji wa Baraka. Yeye mwenyewe ameniomba nikujibu, na nakala ya barua hii ninampa.

Baraka alikuwa mtunza stoo wetu wa vipuri vya magari kuanzia Februari 2022 hadi Agosti 2024, nami ndiye niliyekuwa msimamizi wake muda wote huo. Cheti cha utumishi alishapewa kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyotaka, ila cheti hakisemi kazi ilikwendaje.

Upande wa kumbukumbu, kazi yake haikuridhisha. Alichelewa kuingiza mizigo kwenye leja, na tarakimu zilimponyoka. Kuna siku alipokea beringi 40 akaandika 4. Fundi mmoja kutoka Morogoro akaambiwa zimekwisha, akaenda kununua duka la jirani, kumbe zimejaa rafu ya nyuma. Tulimkalisha na karani mzoefu kwa mwezi mzima. Akapata nafuu, kisha akarudi palepale. Alipewa onyo la maandishi mara mbili, na mwisho tulikubaliana mkataba ukiisha usihuishwe.

Naomba jambo moja lisieleweke vibaya, maana stoo ikipungua watu hukimbilia kusema wizi. Kila upungufu tuliufuatilia kwa kuhesabu mali upya, na kila mara lilikuwa kosa la maandishi. Hatukuwahi kumtilia shaka ya uaminifu. Hata zile beringi, ni yeye aliyezikuta na kuja kuniambia kabla sijauliza.

Kwa wateja alikuwa hodari. Fundi akija na kipuri kilichochakaa hata namba haisomeki, Baraka alikitambua kwa kukishika tu. Mafundi walikuwa wakimuulizia kwa jina, na bado wanamuulizia. Mahudhurio yake sina la kulalamikia.

Umeuliza kama ningemwajiri tena. Stoo, hapana. Kaunta ya mauzo, ningemchukua, mradi hesabu za kufunga siku zifanywe na mtu mwingine. Barua yako inasema nafasi ni ya muuzaji wa kaunta ambaye pia atatunza leja ya stoo. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyomshinda hapa kwetu, kwa hiyo mkiamua kumchukua mwulizeni wazi amejifunza nini tangu aondoke, na mpeni jaribio la kuandika. Huenda mfumo wa kompyuta ukamfaa. Sisi tulikuwa tukitumia daftari.

Sababu zake binafsi sitazigusa, hazihusiani na swali lako.

Ukihitaji ufafanuzi, nipigie baada ya saa kumi na moja jioni, ghala likishafungwa.

Wako katika kazi,

Rehema
Msimamizi wa Ghala

Nakala: Ndugu Baraka